Meseji ya Mama, Meseji ya Tapeli

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la Fulani." Mtanzania mwenye simu na asiyewahi kupokea meseji ya namna hii ni wa kutafutwa. Nguvu yake haiko kwenye ahadi kubwa wala vitisho. Aliyeituma hamjui anayemtumia. Anajua tu kwamba kati ya watu elfu wapo wachache ambao dakika hiyo wanasubiri kuelekezwa pa kutuma pesa: mpangaji anayedaiwa kodi, mzazi anayesubiri namba ya kulipia ada, mfanyabiashara aliyeagiza mzigo Kariakoo. Kwa watu hao meseji inafika kama jibu la jambo walilokuwa wakilingoja.

Katika sura hii tutatengeneza kichujio, yaani programu inayosoma maneno ya meseji na kusema kama inafanana na utapeli. Kukitengeneza si kazi ngumu; mistari kumi ya Python inatosha. Kazi iko kwenye kuyapima makosa yake, na kipimo kikali kuliko vyote ni namna kinavyozitendea meseji halali zinazozungumzia pesa.

Makapu mawili

Kichujio hakifundishwi kanuni. Kinapewa meseji zilizokwisha kutiwa lebo, hizi za utapeli, hizi halali, kisha kinatafuta chenyewe tofauti. Kwa hiyo kila kitu huanzia kwenye kukusanya, na hapo ndipo kosa la kwanza hujificha.

Meseji za matapeli hupatikana kwa urahisi. Kila mtu anazo, na hakuna anayeona haya kuzitoa. Tanzania ipo hata namba ya kuziripoti, 15040. Meseji halali ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake mna madeni, ugonjwa, mapenzi na ugomvi wa ndugu. Ukiwaomba watu wakupe, watakuchagulia zisizo na siri: "Mambo vipi", "Nimefika salama", "Kikao kimeahirishwa". Matokeo yake kapu la utapeli limejaa pesa na kapu la halali halina pesa kabisa. Kichujio kitakachofunzwa hapo kitajifunza jambo moja tu, kwamba anayetaja pesa ni tapeli.

Tatizo hili linaonekana hata kwenye mkusanyo maarufu wa meseji za Kiingereza unaoitwa SMS Spam Collection, uliotolewa na Tiago Almeida na wenzake mwaka 2011. Una meseji 5,574, kati yake 747 zikiwa za usumbufu. Meseji halali 3,375 zilitoka kwenye mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, nyingi zikiwa za wanafunzi, ilhali 425 za usumbufu zilichukuliwa kutoka tovuti ya Uingereza ambako watu walikwenda kulalamika. Kichujio kinachofanya vizuri kwenye mkusanyo huo huenda kwa sehemu kinatenganisha Kiingereza cha kijana wa Singapore na tangazo la Uingereza. Alama zake za juu hazimhakikishii chochote mtu wa Mbagala au Kisumu.

Kwa hiyo kapu la halali litafutwe kwa makusudi. Watafute wahasibu wa shule, waweka hazina wa vikoba, mawakala wa pesa za simu, wazazi wenye watoto bweni. Wafute majina wenyewe kabla ya kukupa. Kila namba ya simu igeuzwe kuwa alama moja na kila kiasi cha pesa kiwe alama nyingine. Alama hizo zisiwe maneno ya kawaida. Ukiandika NAMBA mahali pa namba ya simu, programu itakayogeuza herufi zote kuwa ndogo itaichanganya na neno "namba" ambalo watu huliandika wenyewe. Andika kitu kisichoandikwa na mtu yeyote, kama qqqq na zzzz.

Kugeuza huko kunaleta faida ya pili. Tapeli hutuma meseji ileile kwa maelfu ya watu, akibadilisha namba na jina tu. Ukishaondoa namba na majina, nakala zake zinaonekana, na ubakishe moja. Usipofanya hivyo, nakala moja itaingia kwenye meseji za kufunzia na pacha wake kwenye za kupimia, na kichujio kitapata alama kwa kukumbuka kilichokwisha kuonyeshwa.

Tuseme baada ya usafi huo tumebaki na meseji 1,000: za utapeli 200 na halali 800. Takwimu za mfano huu nimezichagua mwenyewe ili zigawanyike kirahisi. Tuzipange kwa tarehe. Za zamani 600 ni za kufunzia, 200 zinazofuata ni za kurekebishia, na 200 za karibuni kabisa ni za kupimia mara moja tu, mwishoni. Tukichanganya tarehe, kichujio kitafunzwa kwa meseji za Agosti na kupimwa kwa za Machi, jambo ambalo kazini halitatokea kamwe. Tuseme pia kila fungu limebaki na uwiano uleule, utapeli mmoja kwa halali nne.

Hesabu ya kila neno

Njia tutakayotumia inaitwa kwa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza ambaye maandiko yake kuhusu uwezekano yalichapishwa mwaka 1763, akiwa amekwisha kufariki. Mehran Sahami na wenzake waliitumia kuchuja barua pepe mwaka 1998, na mwaka 2002 Paul Graham akaieneza kwa makala aliyoiita "A Plan for Spam". Wazo lake ni kuuliza, kwa kila neno, linaonekana mara ngapi zaidi kwenye utapeli kuliko kwenye halali.

Katika meseji zetu 600 za kufunzia, 120 ni za utapeli na 480 ni halali. Tuseme neno "namba" limo kwenye 90 za utapeli, sawa na asilimia 75, na kwenye 48 za halali, sawa na asilimia 10. Ukigawanya unapata 7.5, maana yake ni kwamba neno hilo ni la kawaida mara saba na nusu zaidi upande wa utapeli. Neno "jina" limo kwenye asilimia 50 za utapeli na asilimia 5 za halali, kwa hiyo uzito wake ni 10. Neno "mama" limo kwenye asilimia 5 za utapeli na asilimia 25 za halali. Uzito wake ni moja ya tano, yaani linavuta kuelekea uhalali.

Sasa mtoto aliyeko bweni anaandika: "Mama, ada tuma kwa namba hii, jina la mhasibu." Tunaanza na uwiano wa makapu, moja kwa nne, kisha tunazidisha uzito wa maneno tuliyoyahesabu:

```
1/4 × 7.5 × 10 × 1/5 = 3.75
```

Uwiano umekuwa 3.75 kwa 1, sawa na uwezekano wa asilimia 79 kwamba ni utapeli. Meseji ya kweli ya mtoto wa kweli imehukumiwa, tena kwa hatua ambazo kila moja inaonekana ya haki.

Makosa mawili yamejificha humo. La kwanza ni kwamba njia hii huyachukulia maneno kana kwamba hayajuani. "Namba" na "jina" hutembea pamoja, kwa sababu anayekupa namba ya kutumia pesa hukupa na jina litakalotokea. Ni ushahidi mmoja uliohesabiwa mara mbili. Ndiyo maana alama za kichujio hiki hukimbilia sifuri au mia. Kikisema asilimia 99, usidhani kwamba kati ya kengele mia zake 99 ni za kweli. Alama hiyo inafaa kuzipanga meseji kutoka ile ya kutiliwa shaka zaidi hadi ile ya kutiliwa shaka kidogo, na si zaidi ya hapo.

La pili ni neno ambalo halijawahi kuonekana upande mmoja. "Litakuja" limo kwenye meseji 42 za utapeli na halimo kwenye halali hata moja. Kugawanya kwa sifuri hakuwezekani, na kuamua kwamba kila meseji yenye neno hilo ni utapeli ni upuuzi. Dawa ya kawaida ni kuongeza moja kwenye kila hesabu, na mbili kwenye jumla: 43/122 upande wa utapeli, 1/482 upande wa halali. Uzito unakuwa takriban 170. Hesabu sasa inakwenda, lakini yule mtoto akiandika "jina litakuja la mhasibu", uwiano wake wa 3.75 unazidishwa kwa 170 na kupita 600. Neno moja limemmaliza, na sababu pekee ni kwamba kapu letu la halali halikuwa na mzazi hata mmoja aliyeandikiwa hivyo. Tatizo hilo haliponywi na fomula. Linaponywa kwa kurudi kwa wahasibu wa shule kuomba meseji zaidi.

Kitenzi chenye sura nyingi

Kwa Kiswahili kuna jambo la ziada. Tapeli anaweza kuandika tuma, itume, nitumie, uitume, utanitumia. Kwa programu inayohesabu maneno mazima hayo ni maneno matano yasiyohusiana, na ushahidi unagawanyika vipande vitano vidogo. Ongeza vijana wanaoandika "n2mie" na "xaxa", na kamusi ya kichujio inafurika maneno yaliyoonekana mara moja moja.

Njia rahisi ni kuacha maneno na kuhesabu vipande vya herufi tatu hadi tano. Kipande "tum" kimo ndani ya sura zote tano, na "mie" kimo hata ndani ya "n2mie". Kwa maktaba ya scikit-learn kazi yote ni hii:

```python
from sklearn.feature_extraction.text import CountVectorizer
from sklearn.naive_bayes import MultinomialNB
from sklearn.pipeline import make_pipeline

kichujio = make_pipeline(
    CountVectorizer(analyzer="char_wb", ngram_range=(3, 5)),
    MultinomialNB(alpha=1.0))
kichujio.fit(meseji_funzo, lebo_funzo)   # 1 = utapeli, 0 = halali
alama = kichujio.predict_proba(meseji_rekebisho)[:, 1]
```

Ile `alpha=1.0` ndiyo moja tunayoiongeza kwenye kila hesabu. Programu hii hugawanya kwa jumla ya vipande vyote vya kapu badala ya idadi ya meseji, lakini wazo ni lilelile tulilolipitia kwa mkono. Gharama yake ni kwamba "tum" kimo pia ndani ya matumaini, mtumishi na matumizi, na vipande vya neno moja hujuana kuliko hata maneno, kwa hiyo alama hukimbilia pembeni zaidi. Jaribu njia zote mbili kwenye fungu la kurekebishia na ubaki na ile inayokosea kidogo.

Asilimia 93 ya nini?

Tuseme tumekifunza, tukaamua kwamba alama inayozidi 0.5 ipige kengele, na kwenye meseji 200 za kurekebishia tukapata hivi: kati ya 40 za utapeli kimenasa 34, sita zimepenya, kati ya 160 halali kimeziacha 152 na kuzipigia kengele nane. Majibu sahihi ni 186 kati ya 200, sawa na asilimia 93.

Idadi hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye ripoti, na inasema kidogo sana. Programu isiyosoma chochote, inayojibu "halali" kwa kila meseji, ingepata 160 kati ya 200, yaani asilimia 80, bila kumwokoa mtu yeyote. Tuulize badala yake maswali mawili tofauti. Kati ya meseji za utapeli, ngapi zimenaswa? Ni 34 kati ya 40, asilimia 85. Kati ya kengele zilizopigwa, ngapi zilikuwa za kweli? Ni 34 kati ya 42, takriban asilimia 81.

Hata hilo jibu la pili lina mtego. Kwenye mkusanyo wetu meseji moja kati ya tano ni ya utapeli, kwa sababu tulizitafuta. Kwenye simu ya mtu si hivyo. Tuseme kwake ni moja kati ya hamsini. Katika meseji 1,000 atakazopokea, 20 ni za utapeli, na kichujio kitanasa 17. Halali ni 980, na kwa kuwa kilikosea nane kati ya 160, yaani asilimia 5, kitazipigia kengele 49. Kengele zote ni 66 na za kweli ni 17. Kichujio hakijabadilika hata herufi moja, lakini kengele zake za kweli zimeshuka kutoka asilimia 81 hadi takriban 26. Mwenye simu ataonywa kuhusu kikoba, kuhusu mwanawe na kuhusu mwenye nyumba, na siku tapeli akija kweli, atakuwa amekwisha kuzoea kuipuuza kengele.

Tupandishe kizingiti hadi 0.9. Tuseme sasa kinanasa 28 kati ya 40 na kukosea halali moja tu kati ya 160. Katika meseji 1,000 za simuni kitanasa 14 na kukosea kama sita. Kengele 20, na 14 ni za kweli. Tumepoteza matapeli watatu na kuokoa maonyo 43 ya bure.

Graham naye alielemea upande huo kwenye barua pepe zake. Alizihesabu mara mbili idadi za maneno ya barua halali ili kichujio kisiwe chepesi kuhukumu, na kizingiti chake kilikuwa 0.9. Hata hivyo kosa moja kati ya 160 ni ushahidi mwembamba. Lau tungepata sifuri, kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wanatakwimu, tatu gawanya kwa idadi, ingetuambia kwamba kiwango halisi bado kingeweza kufika 3/160, karibu asilimia 2, ambayo ni meseji halali kama 18 katika 980. Anayetaka kudai kwamba kichujio chake hakiwasumbui watu anahitaji maelfu ya meseji halali kwenye kipimo, hata kama za utapeli ni mia mbili tu.

Kuyasoma makosa moja moja

Sasa funga hesabu na ufungue meseji zenyewe. Makosa 14 ya kizingiti cha 0.5 yanasomeka kwa nusu saa, na yanafundisha kuliko asilimia zote. Yapange kwa aina.

Tuseme kati ya kengele nane za uongo, nne ni ndugu wanaoomba pesa kwa namba mpya na mbili ni za michango: "Mchango wa harusi utumwe kwa namba ya mweka hazina." Hizi sita zinatuambia pa kwenda kukusanya zaidi. Ya saba ni onyo ambalo mtu amewatumia wenzake: "Ukipata meseji ya ile hela tuma namba hii, usitume." Ina maneno yote ya tapeli, na kichujio kinachohesabu vipande hakina namna ya kuelewa kwamba yananukuliwa. Ya nane, ukiisoma vizuri, ni utapeli kweli. Aliyeitia lebo ndiye aliyechoka. Ukiona kichujio kina uhakika mkubwa dhidi ya lebo, ikague lebo kwanza. Ni vizuri kila meseji itiwe lebo na watu wawili bila kuonana, na wanazotofautiana zikajadiliwa.

Upande wa zilizopenya, tuseme tatu ni za "mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma ya dawa", na moja ni mwaliko wa kujiunga na Freemason ili upate utajiri. Aina hizi zilikuwa chache kwenye meseji za kufunzia. Tiba ni kuongeza mifano. Mbili za mwisho ni tofauti. Zimeandikwa "Imethibitishwa. Umepokea" na kiasi cha pesa, neno kwa neno kama taarifa halisi ya mtandao, ila zimetoka kwenye namba ya mtu binafsi. Tapeli akishaituma hupiga simu kuomba "arudishiwe". Hapa hakuna kiasi cha mafunzo kitakachosaidia. Meseji mbili zenye herufi zilezile zitapata alama ileile daima. Kinachozitofautisha ni mtumaji, kwa hiyo lazima kichujio kipewe habari nje ya maneno: imetoka kwa jina rasmi au kwa namba ya kawaida, na je, namba hiyo imo kwenye orodha ya watu wa mwenye simu? Habari hiyo ya pili ingesaidia pia kupunguza kengele za michango, ingawa si zile za ndugu wenye namba mpya, ambazo ndizo tapeli anazoziiga.

Ukisharekebisha, pima tena kwenye fungu la kurekebishia mara nyingi upendavyo. Fungu la mwisho lisiguswe hadi umemaliza. Ukilichungulia kila jioni na kubadilisha kitu, kidogo kidogo utakuwa umekitengeneza kichujio kwa ajili ya meseji hizo 200, na alama zake hazitakuwa na maana tena.

Baada ya kuondoka mezani

Kichujio cha mwaka huu kinazeeka. Matapeli husoma dalili; neno likianza kukamatwa wanaliacha, au wanachomeka maneno ya salamu ili kupunguza uzito. Anayesimamia kichujio achukue meseji mpya kila mwezi, azitie lebo na kuhesabu ngapi zingenaswa. Kiwango kikishuka miezi miwili mfululizo, ni wakati wa kufunza upya. Asitegemee ripoti za wananchi peke yake, kwa sababu watu huripoti utapeli walioutambua. Ule uliowaingia vizuri hauripotiwi hadi pesa iwe imekwenda. Achote pia meseji kadhaa bila kuchagua, azisome kwa ridhaa ya wenyewe.

Mwisho kabisa ni uamuzi ambao hesabu haiwezi kukufanyia: kengele ikilia, nini kitokee? Kikifuta meseji, kosa moja linaweza kuwa ada isiyofika shuleni, na mzazi hatajua kwamba aliandikiwa. Kikiiacha meseji ionekane na kuweka juu yake "Mpigie unayemdhania kwa namba yake ya zamani kabla ya kutuma", kosa lilelile linagharimu simu ya dakika moja. Kwa kufuta, kizingiti cha 0.9 bado ni cha chini mno kwa kichujio kama hiki, na pengine kazi hiyo kisipewe kabisa. Kwa kuonya, hata kengele sita za bure katika meseji elfu zinavumilika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kichujio kina asilimia ngapi, uliza kitapewa mamlaka gani, kisha kaa na kapu la meseji halali za pesa na uhesabu ni ngapi kati yake zingeumia.